Ulinganisho: karatasi tatu za kugawana pesa ya shamba la marehemu baba, Malolo (Tabora)

Mtoto wa Isevya (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba macho yenu hapa kabla hatujasaini kitu.

Shamba liko Malolo, Manispaa ya Tabora. Ni ekari 6 kwa hatua, halijapimwa rasmi, lina miembe. Mnunuzi amekubali milioni 7 kwa ekari, jumla 42,000,000, kwa awamu mbili: 28,000,000 siku ya mkataba na 14,000,000 baada ya miezi mitatu. Mama alitangulia kabla ya baba. Tumebaki watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, wote watu wazima, familia ya Kiislamu. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, barua yake ilitolewa na Mahakama ya Mwanzo.

Maneno ya mdomoni yalituchosha, tukakubaliana kila mwenye wazo aliandike. Karatasi tatu zimefika mezani.

Ya dada mkubwa: toa gharama zote, kinachobaki gawa kwa tano, sawasawa.

Ya kaka mkubwa: toa gharama zote, kinachobaki kigawiwe kidini, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja.

Ya mdogo wetu wa mwisho: dada wa tatu, ambaye ndiye aliyelitunza shamba miaka yote, apewe kwanza asilimia 10, kinachobaki wote wagawane sawa.

Gharama tulizoorodhesha: dalali 2,100,000, wakili 300,000, madeni ya baba na gharama za mirathi 1,000,000, kodi tumekisia 1,200,000, na 2,400,000 za kumrudishia kaka wa pili aliyekomboa ekari mbili zilizokuwa rehani. Jumla 7,000,000. Ipi kati ya hizi tatu haitatugombanisha?

---

Jembe la Malolo

Mkuu, chukua ya dada mkubwa ulale. Ya kidini wadogo zako wa kike watanuna hadi siku ya hitima. Ila hesabu yenu ya kodi imekosewa sana. TRA wanachukua asilimia 10 ya bei, yaani 4,200,000. Ukiweka hiyo, gharama zinakuwa milioni 10, mnabaki na 32 tu. Halafu mnajisumbua na makaratasi. Msimamizi akishateuliwa na mahakama, shamba ni lake kuamua, nyie kazi yenu ni kusaini.

---

Karani Mstaafu

Jembe, kwenye kodi umeshika nusu. Asilimia 10 kwa mkaazi wa Tanzania ni ya faida, siyo ya bei. Faida ni bei ukitoa gharama zinazokubalika za kulipata na kuliendeleza shamba. Shida ya mashamba ya urithi ni kwamba marehemu hakuacha risiti, kwa hiyo makadirio lazima yatoke TRA yenyewe, pale ofisini, baada ya kuona barua ya usimamizi na rasimu ya mkataba. Ndiyo maana kwenye karatasi ya familia usiandike 1,200,000 wala 4,200,000. Andika "kodi kama itakavyokadiriwa na TRA". Ukiandika namba, na makadirio yakatoka juu, atatokea mmoja aseme yeye alikubali 1,200,000 tu, ziada ailipe msimamizi.

Kwenye usimamizi hapo umepotoka kabisa. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, na anaripoti. Mahakama ya Mwanzo inamtaka alete Fomu Na. 5, orodha kamili ya mali na madeni, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baadaye analeta Fomu Na. 6, ambayo ni hesabu ya nini kiliingia, nini kilitoka na nani alipata nini. Mrithi asiyeridhika anaipinga hesabu hiyo hapo hapo mahakamani. Karatasi ya familia inamsaidia msimamizi siku hiyo kuliko inavyowasaidia wengine, maana anaiambatanisha na kusema: hivi ndivyo walivyokubali wenyewe kabla pesa haijaingia.

Sasa swali la mleta mada. Tuchukulie gharama ni 7,000,000 kama ulivyosema, kinabaki 35,000,000.

Kwa karatasi ya dada, kila mmoja anapata 7,000,000.

Kwa karatasi ya kaka, wa kiume wawili wana mafungu manne na wa kike watatu wana mafungu matatu, jumla saba. Fungu moja ni 5,000,000. Kila mwanamke 5,000,000, kila mwanamume 10,000,000.

Kwa karatasi ya mdogo wenu hesabu haipigiki, kwa sababu hajasema asilimia 10 ya nini. Ikiwa ni ya kinachobaki, dada anatengewa 3,500,000, zinabaki 31,500,000, kila mmoja 6,300,000, na yeye jumla anaondoka na 9,800,000. Ikiwa ni ya bei, anatengewa 4,200,000, zinabaki 30,800,000, kila mmoja 6,160,000, na yeye anaondoka na 10,360,000. Maneno mawili yaliyokosekana kwenye karatasi yanambadilishia dada 560,000 na kila mwingine 140,000.

Na angalieni kitu kingine ambacho huwa hakionekani mapema. Zawadi ikitoka kwenye chungu cha pamoja, anayepewa naye anaichangia. Kwenye hesabu ya kwanza dada anatengewa 3,500,000 lakini fungu lake la kawaida limeshuka kutoka 7,000,000 hadi 6,300,000. Faida yake halisi ni 2,800,000. Kama nia yenu ni apate 3,500,000 kamili juu ya wenzake walivyokuwa wapate, andikeni hivyo, na hesabu itabadilika.

---

Binti Ng'ambo

Assalaam alaykum wote. Nisaidie upande mmoja, maana naona karatasi ya kaka inapita kama ya ubinafsi wakati ndiyo yenye msingi kwa familia ya Kiislamu.

Utaratibu wenyewe unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo na usiozidi theluthi moja, ndipo warithi. Watoto wa kiume na wa kike wakiwa pamoja, wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Mama yenu alitangulia, kwa hiyo hakuna thumni ya mjane ya kutenga. Kama babu au bibi mzaa baba bado yupo hai, semeni sasa, kwa sababu mzazi wa marehemu ana sudusi yake na namba zote hapo juu zinaanguka.

Ila dini haimzuii mtu kumpa nduguye alichopata. Wanaotaka kugawana sawa wanaweza kuandika kwa hatua mbili: kwanza fungu la kila mmoja kidini, halafu kaka wawili waseme kwa hiari yao kila mmoja anatoa 3,000,000 kutoka kwenye 10,000,000 yake, zile 6,000,000 zigawiwe dada watatu, 2,000,000 kila mmoja. Wote wanaishia 7,000,000. Ni namba zile zile za dada mkubwa, lakini kaka hajaambiwa kwamba hakuwa na haki yake, na sheikh hataikataa karatasi.

---

Karani Mstaafu

Hiyo njia ya Binti Ng'ambo naiunga mkono, na mahakamani inasomeka vizuri zaidi ya "tumekubaliana sawa" ikiwa mirathi ilifunguliwa kwa sheria ya Kiislamu. Nitie tahadhari moja. Hatua ya pili iandikwe kwa mafungu, siyo kwa shilingi. Kaka akiandika "natoa 3,000,000" na bei ikashuka, atakuwa ametoa zaidi ya alivyokusudia. Aandike "natoa sehemu yangu inayozidi moja ya tano".

Na aliyeachia haki yake asiachie kupitia mtu. Awe mwenyewe, asome au asomewe, asaini. Hakimu huwa anapenda kumsikia mrithi mwenyewe akisema ameachia. Karatasi iliyoletwa na anayenufaika nayo haimtoshi.

---

Shangazi wa Ujiji

Na sisi huku Kigoma tuna jambo hilo hilo. Kiwanja kipo Gungu, tuko sita lakini mmoja wetu, dada, amefariki mwaka jana na ameacha watoto watatu. Kaka anasema gawa kwa tano kwa sababu marehemu harithi. Sasa na sisi tutumie ile ya asilimia 10 kwa hao watoto?

---

Karani Mstaafu

Shangazi, yako ni jambo jingine, usilichanganye na asilimia 10. Swali la kwanza: dada alifariki kabla ya mzee wenu au baada yake?

Kama alifariki baada, haki yake ilishaingia mkononi mwake siku mzee alipofariki, hata kama hakuna senti iliyogawiwa. Gawa kwa sita. Fungu lake linakwenda kwenye mirathi yake yeye: mume wake kama yupo, watoto wake, na wengine kwa sheria inayomhusu. Na watoto wakiwa wadogo hakuna wa kuwasainia kuachia haki yao, hata baba yao.

Kama alifariki kabla ya mzee, majibu yanatofautiana. Kwa Kiislamu, wajukuu hawarithi wakati mtoto wa kiume wa marehemu yupo hai, labda mzee aliwaachia wasia. Kwa familia za Kikristo ambazo mahakama inatumia ile sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, watoto wanasimama mahali pa mama yao. Kwa mila za Waha sitaki kukudanganya hapa, wazee wa ukoo wenu ndio wataulizwa.

---

Shangazi wa Ujiji

Alifariki baada ya mzee. Mzee ana miaka minne sasa tangu afariki.

---

Karani Mstaafu

Basi kwa sita. Kaka yako akisoma hapa naye ajue hivyo.

---

Mpima Vijiji

Naona watu wote mnagawa 42,000,000 kana kwamba iko kwenye meza. Mleta mada, umesema ekari 6 "kwa hatua". Hatua za nani?

Ekari ya hatua huku kwetu ni 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Mtu mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mita 63 kwa 63, sawa na mita za mraba 3,969, karibu kabisa na ekari. Lakini mtu wa hatua fupi, sentimita 80, anapata mita 56 kwa 56, mita za mraba 3,136. Ekari sita za huyo mtu ni ekari 4.65 tu. Kwa milioni 7 kwa ekari, bei inashuka kutoka 42,000,000 hadi kama 32,550,000. Mnunuzi wa mjini anakuja na mtu wa GPS siku mbili kabla ya mkataba, mnagundua pale pale, na kila aliyekuwa ameshaahidiwa 7,000,000 anaanza kumtazama msimamizi kwa jicho la wizi.

Zungukeni mipaka na GPS kabla, majirani wote wa mpakani wakiwepo na mwenyekiti wa mtaa akishuhudia. Kona ziwekewe alama. Minyaa na miembe ya mpakani inahama kwenye kumbukumbu za watu. Halafu karatasi ya mgawo isitaje ekari 6 wala 42,000,000. Iseme "bei itakayolipwa kwa mujibu wa mkataba".

---

Jembe la Malolo

Sasa mkiondoa kila namba kwenye karatasi, mnakubaliana nini? Upepo?

---

Karani Mstaafu

Mnakubaliana mafungu na utaratibu. Namba ziwekwe, lakini kwenye ukurasa wa pili, na juu yake iandikwe "mfano wa hesabu ikiwa bei itakuwa 42,000,000". Watu wanahitaji kuona shilingi ili waelewe wanachosaini, hilo nakubaliana nawe. Ila kinachowafunga ni ukurasa wa kwanza.

Jambo kubwa ambalo karatasi zote tatu zimeliruka ni awamu. Nadhani hapo ndipo mtakapogombana, siyo kwenye dini wala usawa.

Chukua karatasi ya dada mkubwa, ile nyepesi kuliko zote. Awamu ya kwanza ni 28,000,000. Mkitoa gharama zote 7,000,000 zinabaki 21,000,000. Mnajua nini hutokea? Mmoja ana ada ya mtoto, mmoja anadaiwa, kaka mkubwa ndiye aliyehangaika. Wanasema hawa watatu wachukue chao kamili, 7,000,000 mara tatu, 21,000,000 imeisha. Wawili waliobaki, mara nyingi walio mbali au wapole, wanaambiwa "zenu zipo awamu ya pili". Mnunuzi akichelewa mwaka mzima, akileta mgogoro wa mpaka, akalipa nusu, hasara yote ni ya wale wawili. Wale watatu hawana tena haraka ya kumfuatilia, kwao shamba limeshauzwa.

Kwa hiyo kila awamu igawiwe kwa mafungu yale yale. Awamu ya kwanza kila mmoja 4,200,000. Awamu ya pili 14,000,000, kila mmoja 2,800,000. Jumla 7,000,000. Mnunuzi akikwama, wamekwama wote watano, na wote watano watakwenda kumgongea mlango.

Gharama zitoke awamu ya kwanza, isipokuwa dalali. Huyo mlipeni kwa kadiri pesa inavyoingia. Akipata asilimia 5 yake yote siku ya kwanza hatasumbuka na awamu ya pili. Mkifanya hivyo, siku ya mkataba anapata 1,400,000 badala ya 2,100,000, na zile namba zangu za 4,200,000 zinapanda kidogo awamu ya kwanza na kushuka ya pili.

---

Mzee wa Kitete

Wanangu, nimesoma yote. Mimi naona hamjamtendea haki huyo kaka wa pili wala huyo dada.

Kaka alikomboa rehani kwa 2,400,000. Mnamrudishia 2,400,000. Lakini shilingi ya mwaka aliokomboa siyo ya leo. Asingekomboa, mngekuwa mnauza ekari nne. Apewe angalau asilimia fulani ya hizo ekari mbili.

Na huyo dada, asilimia 10 sawa, lakini mmeuliza miaka yote hiyo mahindi na maembe yalikwenda wapi? Mtunzaji naye alikula shambani. Siyo vibaya, ila iandikwe.

---

Karani Mstaafu

Mzee, shikamoo. La dada umesema kweli, na ndiyo sababu karatasi ya mdogo wao ina udhaifu. Haisemi asilimia 10 ni malipo ya nini. Ikiwa ni ujira wa kulinda, mavuno aliyochukua yanahesabiwa upande wa pili. Ikiwa ni shukrani, iandikwe shukrani na isifanyiwe hesabu. Kilicho hatari ni kuiita fungu la urithi, kwa sababu mwanae kesho atasema mama yake alikuwa na haki ya zaidi kwenye mali zote, na bado mna nyumba ya Isevya kama sikosei.

La kaka hapo tutatofautiana. Kwangu alichotoa ni deni linalorudishwa, na kinachohitajika ni kujua alikomboa lini. Kama ni baada ya baba kufariki, ni gharama ya mirathi, inalipwa kwanza kwa karatasi ya makabidhiano iliyosainiwa na aliyeshika rehani. Kama ni wakati baba yu hai, watauliza: ulimkopesha mzee au ulimsaidia? Bila maandishi, ndugu wengi watasema ulimsaidia.

Na akirudishiwa kutoka chungu cha pamoja, naye kachangia 480,000 ya hizo 2,400,000, moja ya tano. Hiyo ni sawa, maana naye ni mrithi na rehani ilikuwa mzigo wa wote. Kuna familia hukata 600,000 kwa kila mmoja wa wale wanne wengine, eti yeye asiguswe. Hapo wamemlipa deni lake mwenyewe.

---

Mzee wa Kitete

Marahaba. Kwenye thamani ya pesa bado sijakubali. Anayekomboa ardhi siyo sawa na aliyekopesha sukari.

---

Binti Ng'ambo

Mzee ana hoja, lakini kwa Kiislamu deni linarudi kama lilivyotolewa. Ziada ikiwa ni hiari ya ndugu, sawa. Ikiwa sharti, inaingia riba. Mwulizeni sheikh wenu kabla hamjaiandika.

---

Mtoto wa Isevya

Nashukuru sana wote. Kujibu maswali: bibi mzaa baba alifariki zamani, babu pia. Kaka alikomboa baada ya msiba, karatasi ipo na mwenyekiti wa mtaa kasaini. Ni kweli nyumba ya Isevya ipo, hiyo haiuzwi. Dada wa kwanza yupo Dar es Salaam, hawezi kuja, anasema atakubali kwa sauti kwenye kundi letu la wasapu. Karani, nionyeshe basi maneno yenyewe yanavyokaa.

---

Karani Mstaafu

Sauti ya wasapu inasaidia kukumbushana, haisaidii kusaini. Atumiwe karatasi, asaini kila ukurasa mbele ya wakili huko huko aliko, irudi karatasi halisi kwa basi, siyo picha. Akitaka mtu asaini mkataba wa kuuza au apokee pesa kwa niaba yake, hiyo ni hati ya uwakilishi, na isiwe kwa mmoja wa warithi wanaopokea.

Maneno nimeyaandika kwa njia ya mafungu na hiari, kwa kuwa naona ndiyo inayowakaribisha wote. Badilisheni kwa mnavyokubaliana.

> Sisi tuliosaini hapa chini, watoto na warithi wote wa marehemu (jina kama lilivyo kwenye barua ya usimamizi), tumesoma na kusomewa karatasi hii na tunakubali kwamba shamba lililopo Malolo, lenye mipaka iliyoonyeshwa kwenye mchoro uliosainiwa na majirani, liuzwe na msimamizi wa mirathi kwa mkataba wa maandishi, kwa bei isiyopungua shilingi ______ kwa ekari iliyopimwa.
>
> Pesa yote itaingia kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina la usimamizi wa mirathi. Hakuna mrithi wala dalali atakayepokea pesa taslimu kutoka kwa mnunuzi.
>
> Kabla ya mgawo zitatolewa: madeni ya marehemu yaliyo kwenye Fomu Na. 5, kodi kama itakavyokadiriwa na TRA, gharama za wakili na mahakama zenye risiti, shilingi 2,400,000 za ukombozi wa rehani kwa (jina), na asilimia 5 ya dalali, itakayolipwa kwa kila awamu kulingana na pesa iliyoingia. Gharama isiyotajwa hapa haitatolewa bila saini za warithi wote.
>
> Kinachobaki ni mafungu saba: wa kiume mawili kila mmoja, wa kike moja kila mmoja. Mimi (jina) na mimi (jina), kwa hiari yetu, baada ya kujua fungu letu, tunaachia sehemu inayozidi moja ya tano, igawiwe sawa kwa dada zetu watatu.
>
> Kila awamu itagawiwa kwa uwiano huo huo ndani ya siku ______ tangu iingie benki. Mnunuzi asipolipa, upungufu ni wa warithi wote kwa uwiano huo.
>
> Makubaliano haya hayahusu nyumba wala mali nyingine ya marehemu.

Chini yake majina kamili matano, saini au dole gumba, tarehe, na mashahidi wawili wasiorithi. Asiyejua kusoma, shahidi aandike kwamba alimsomea na akaelewa. Nakala sita, za warithi watano na moja ya kuambatanisha na Fomu Na. 6.

Bei ya chini kwa ekari nimeiacha wazi makusudi. Msipoijaza, msimamizi anaweza kuuza kwa bei yoyote na karatasi ikamlinda. Na ule mstari wa mwisho msiufute. Familia nyingi zinagawana shamba kwa karatasi nzuri, halafu miaka mitatu baadaye mmoja anaitoa karatasi ile ile kudai nyumba nayo igawiwe kwa uwiano huo.

---

Mpima Vijiji

Ongeza "miembe na vyote vilivyo juu ya ardhi vinauzwa pamoja". La sivyo, mvuno wa kwanza tu utaona mtu na kapu.

---

Jembe la Malolo

Karani, nimekuelewa kwenye kodi. Ila kwenye awamu, mnunuzi akisema hataki akaunti ya mirathi, anataka kulipa mkononi kwa msimamizi maana benki wanamsumbua na maswali?

---

Karani Mstaafu

Basi mkataba ufanyike ndani ya benki au kwa wakili, pesa ihesabiwe mbele ya warithi, iwekwe siku hiyo hiyo, na hati ya kuingizia pesa ibandikwe nyuma ya mkataba. Akikataa na hilo, tafuteni mnunuzi mwingine. Anayekimbia benki kwenye awamu ya kwanza, ya pili mtaifuata kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui.

---

Mtoto wa Isevya

Leo jioni nimewasomea wote. Kaka mkubwa kaikubali ile ya kuachia ziada, ila anataka iandikwe "kwa shamba hili tu". Kaka wa pili hajakubali, anasema yeye akishachangia 480,000 kwenye pesa yake ya rehani hana tena cha kuachia. Dada wa tatu amesema asilimia 10 hataki, anataka tu aache kuitwa mlinzi. Bei ya chini tumejaza milioni 6 na nusu kwa ekari. Kesho saa tatu asubuhi mtu wa GPS anakuja, majirani watatu kati ya wanne wamekubali kuwepo.

---

Mpima Vijiji

Huyo wa nne ndiye wa kumfuata usiku huu.